Maswali na majibu: TV ipo, rimoti haipo

"TV yangu ni ya kisasa, haina kitufe hata kimoja. Nitaiwashaje?" (Temeke)

Kipo. Inama upapase chini ya fremu, katikati chini ya nembo. Usipokiona, papasa mgongoni karibu na pembe. Mara nyingi ni kitufe kimoja tu kinachofanya kazi zote: ukikibonyeza menyu ndogo inatokea, ukiendelea kubonyeza unahama kutoka alama moja hadi nyingine, na ukikishikilia kidogo umechagua. Kwa kitufe hicho utawasha, utapandisha sauti na utahamia kwenye king'amuzi. Kuandika neno la siri la Wi-Fi ndiko kutakakokushinda, na hapo ndipo simu inapohitajika.

"Nimepakua programu za rimoti zaidi ya tatu, zote zinaleta matangazo tu." (Mwanza)

Hili naulizwa kila mara. Tazama ukingo wa juu wa simu yako. Kama hakuna kitundu kidogo cheusi cha infraredi kinachotuma ishara kama rimoti, mfano kile kilichopo kwenye Redmi nyingi, hakuna programu itakayokitengeneza, hata ukiilipia. iPhone hazina kabisa. Na programu ya rimoti inayoomba kusoma meseji zako, ifute leo.

"Rimoti ilivunjika, kisha nikabadilisha rauta. Sasa simu haiioni TV, na siwezi kuiingiza TV kwenye Wi-Fi mpya bila rimoti. Nimekwama." (Arusha)

Hili ndilo swali la maana. Programu ya Google TV, au SmartThings kwa wenye Samsung, huongea na TV kupitia mtandao, kwa hiyo simu na TV lazima ziwe kwenye Wi-Fi moja. TV yako bado inautafuta mtandao wa zamani. Usihangaike kuifundisha mpya. Ipe ule ule inaoutafuta.

Unahitaji simu mbili. Kwenye ya kwanza fungua mipangilio ya hotspoti, uipe jina la Wi-Fi ya zamani na neno lake la siri la zamani. Kama rauta ile iliitwa `Nyumbani_24`, andika hivyo hivyo. Ukiandika `nyumbani_24` kwa herufi ndogo, kwa TV huo ni mtandao mwingine. Chagua mkondo wa 2.4 GHz, maana TV nyingi za bei ya chini haziuoni wa 5 GHz. Umesahau neno la siri? Simu iliyowahi kutumia mtandao ule huenda bado imelihifadhi, na rauta nyingi zina kibandiko chenye neno la kiwandani.

Washa hotspoti, chomoa TV kwenye umeme, subiri kidogo, chomeka. Ikishaingia, simu ya kwanza itakuonyesha kuwa kuna kifaa kimeunganishwa. Kama haikionyeshi, rudi ukakague jina na neno la siri kabla ya kuilaumu TV. Sasa unganisha simu ya pili kwenye hotspoti hiyo hiyo, fungua Google TV, gusa alama ya rimoti, chagua TV yako. TV itaonyesha msimbo kwenye kioo. Uandike kwenye simu.

Ukishapata rimoti ya simu, nenda moja kwa moja kwenye mipangilio ya mtandao na uweke Wi-Fi mpya. TV ikihama, simu itapoteza mawasiliano nayo papo hapo. Usishtuke: hamishia na simu kwenye Wi-Fi mpya, itaiona tena. Na usianze YouTube kabla ya kuhama, maana ni bando lako linaloliwa.

Kama rauta mpya iko jirani na TV na TV ina tundu la waya wa mtandao, ruka yote hayo: chomeka waya.

"Fundi kanishauri niifute TV yote irudi kama ilivyotoka dukani." (Dodoma)

Asikushauri tena. Ikifutwa itasahau Wi-Fi, itasahau simu yako, kisha itakukalia kwenye ukurasa wa kwanza ikisubiri rimoti. Utakuwa umejifungia mlango wa mwisho.

"Mausi ya kompyuta inafaa?" (Tanga)

Ndiyo, kwenye Android TV na LG nyingi za webOS. Chomeka kwenye USB. Mshale ukitokea, umeshinda.

"Nimenunua TV ya mtumba iliyotoka hotelini. Vitufe vyake vya pembeni havifanyi kitu." (Mombasa)

Hoteli hufunga vitufe kusudi, ili mgeni asichezee chaneli, na kufuli hilo hufunguliwa kutoka kwenye menyu kwa rimoti. Kama simu yako ina infraredi, jaribu nayo kwanza. La sivyo nunua rimoti ya kawaida ya chapa hiyo, lakini nenda na picha ya kibandiko cha nyuma chenye namba ya modeli. "Ni Samsung kubwa kidogo" haimsaidii muuzaji.