Kwa nini njama ya kupanga bei humuumiza mnunuzi, na kwa nini huwashinda wenyewe walioipanga

Swali: Ninasoma uchumi na kuna jambo linanichanganya. Wauzaji wachache wakikubaliana bei ya juu, wote wanapata faida kubwa kuliko wakishindana. Kwa nini basi mmoja wao avunje makubaliano yanayomnufaisha? Na mnunuzi anapoteza nini hasa, zaidi ya kulipa nyongeza ya bei?

Jibu: Tuanze na hesabu ndogo. Tuchukue bidhaa moja isiyotofautiana kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine, na wauzaji wawili ambao kila kipimo cha bidhaa hiyo kinawagharimu 40, gharama hiyo ikiwa imekwisha kujumuisha malipo ya kawaida ya mtaji wao. Tuseme pia kwamba idadi ya vipimo vinavyonunuliwa ni 100 ukitoa bei, yaani bei ikipanda kwa 1, kipimo kimoja hakinunuliwi. Wauzaji hawa wakishindana kwelikweli, kila mmoja atampunguzia mnunuzi bei ili amvute kutoka kwa mwenzake, mpaka bei ifike 40, na hapo vipimo 60 vitauzwa. Wakikaa pamoja na kutafuta bei inayowaletea faida kubwa kuliko zote, wataifikia 70. Vipimo vitakavyouzwa ni 30, kila kimoja kikileta faida ya 30, na jumla yake ni 900, yaani 450 kwa kila muuzaji.

Hasara ya mnunuzi ina sehemu mbili, na swali lako limeigusa ya kwanza tu. Wale wanaoendelea kununua vipimo 30 wanalipa nyongeza ya 30 kwa kila kimoja, nayo ni 900 iliyohama kutoka mifukoni mwao kwenda kwa wauzaji. Lakini kuna vipimo vingine 30 ambavyo havikununuliwa kabisa, ingawa walikuwapo watu waliokuwa tayari kuvilipia zaidi ya gharama ya kuvitengeneza. Aliyekuwa radhi kulipa 69 angebaki na nafuu ya 29 kama angeuziwa kwa 40, na aliyekuwa radhi kulipa 41 angebaki na nafuu ya 1. Nafuu hizo zote, kwa wastani wa 15 mara vipimo 30, ni 450. Fedha hizi hazikwenda kwa wauzaji wala kwa mtu mwingine yeyote. Ni manufaa yaliyopotea bila kumnufaisha mtu. Hata kesi za fidia huwa na upofu hapo, kwa kuwa aliyenunua ana risiti ya kuonyesha alichotozwa zaidi, lakini aliyeshindwa kununua hana chochote mkononi.

Sasa turudi kwa muuzaji anayeyavunja makubaliano. Bei iliyokubaliwa ni 70. Mmoja akishusha kimyakimya hadi 69, wanunuzi wote wanamwendea, anauza vipimo 31 kwa faida ya 29 kila kimoja, na anapata 899 badala ya 450. Faida yake imekaribia kuwa maradufu, na mwenzake amebaki bila kitu. Mwenzake akigundua atashusha bei naye, na kuanzia hapo wote watauza kwa 40 bila faida ya ziada. Kwa hiyo msaliti anapima 449 anazoongeza leo dhidi ya 450 atakazozikosa katika kila kipindi kinachofuata. Kwa wawili ambao kila mmoja anagundulika papo hapo, usaliti haulipi, isipokuwa kwa mtu anayeithamini faida ya vipindi vijavyo kwa kiwango cha chini sana. Hapa ndipo maelezo mengi ya darasani yanapokosea, kwa kudai kwamba kila kateli, yaani kundi la wauzaji waliokubaliana bei, lazima livunjike upesi kwa sababu usaliti una faida. Una faida, lakini ni ya kipindi kimoja.

Mizani hubadilika kwa mambo mawili. La kwanza ni idadi. Wauzaji wakiwa kumi, fungu la kila mmoja katika ile 900 ni 90, ilhali anayeshusha bei peke yake bado anapata 899. Ameongeza 809 kwa mkupuo, na itamchukua karibu vipindi tisa vya adhabu kuzirudisha. La pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni muda unaopita kabla ya kugunduliwa. Katika masoko mengi bei halisi haiandikwi ukutani. Inajadiliwa kati ya muuzaji na mnunuzi mkubwa, na punguzo hufichwa ndani ya usafirishaji wa bure, muda mrefu wa kulipa au marejesho ya mwisho wa mwaka. Kama punguzo la siri linakaa vipindi sita kabla halijafichuka, msaliti amekwisha kuvuna mara sita. Zaidi ya hayo, mauzo yanaweza kupungua kwa sababu tu soko limepoa, na muuzaji mwaminifu asiyeuona mkataba wa mwenzake hawezi kujua kama ameibiwa wateja au wateja wenyewe wamepungua. Akiadhibu, huenda anamwadhibu asiye na hatia. Asipoadhibu, anamkaribisha msaliti.

Kesi inayoyaonyesha haya vizuri ni ya laisini, asidi amino inayotengenezwa kwa uchachushaji na kuongezwa katika vyakula vya nguruwe na kuku. Kabla ya mwaka 1991 soko la dunia lilikuwa mikononi mwa makampuni machache ya Japani na Korea Kusini, yakiwamo Ajinomoto, Kyowa Hakko na Sewon. Mwaka huo kampuni ya Kimarekani ya Archer Daniels Midland iliingia na kiwanda kikubwa mno huko Decatur, Illinois, na bei ikaporomoka. Juni 1992 washindani walikutana jijini Mexico na kukubaliana bei. Walianzisha pia chama cha wazalishaji, ili mikutano yao iwe na sababu ya kuonekana halali. Katika miezi michache bei ilipanda kwa takribani asilimia 70.

Kilichofuata ndicho cha kuangalia. Walikuwa wamekubaliana bei lakini hawakuwa wamekubaliana nani auze kiasi gani. Kwa bei ile ya juu, kila tani ya ziada ilikuwa na faida nono kwa aliyeiuza, na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuisukuma sokoni. Mwaka 1993 bei ilianguka tena, karibu na ilikokuwa kabla ya mapatano. Kwa maneno mengine, njama isiyogawa kiasi cha mauzo iliwachukua chini ya mwaka mmoja kuivunja, ingawa walikuwa watano tu na walikuwa wakikutana ana kwa ana.

Oktoba 1993 viongozi wa makampuni makuu walikutana Irvine, California. Mwakilishi wa Archer Daniels Midland aliwakumbusha wenzake kwamba kiwanda chao kina uwezo wa kuzalisha zaidi sana ya kinachouzwa, na kwamba wasipopewa fungu linalowatosha watalifurika soko. Uwezo wa uzalishaji usiotumika, ambao kwa kawaida ni mzigo kwa kampuni, ndani ya kateli unakuwa fimbo. Wakagawana tani. Kila kampuni ilitakiwa kupeleka taarifa ya mauzo yake kila mwezi kwa afisa mmoja wa Ajinomoto, na mwisho wa mwaka aliyezidisha fungu lake alipaswa kununua kutoka kwa aliyepungukiwa. Kifungu hicho cha mwisho ni cha werevu: kinamwondolea kila mmoja hamu ya kuiba wateja, kwa sababu tani aliyoiuza kwa siri ataifidia. Bei ilipanda tena na kuvuka dola 1 kwa ratili.

Utaona basi kwamba kateli linalotaka kudumu linahitaji takwimu, msimamizi, fidia na tishio la adhabu, mambo ambayo biashara halali huyapata kwa mkataba na mahakama. Kateli haliwezi kwenda mahakamani kudai kwamba mwenzao amevunja ahadi ya kuwapunja wateja. Kwa hiyo linalazimika kukutana mara kwa mara na kuandika hesabu, na kila mkutano na kila karatasi ni ushahidi. Mitambo inayolinda njama dhidi ya wasaliti wa ndani ndiyo inayoiweka wazi kwa wapelelezi wa nje.

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu mwishoni mwa 1992 mmoja wa wakurugenzi wa Archer Daniels Midland, Mark Whitacre, alikuwa akishirikiana na shirika la upelelezi la Marekani, FBI, akirekodi mazungumzo. Mkutano wa Irvine wenyewe ulinaswa kwa kamera. Katika kanda hizo yumo rais wa kampuni hiyo akisema kwamba washindani wao ni marafiki zao na wateja ni adui zao. Juni 1995 wapelelezi walivamia ofisi. Mwaka 1996 kampuni ilikiri kosa na kulipa faini ya dola milioni 100, zikiwamo milioni 30 kwa ajili ya njama nyingine ya asidi sitriki, na baadaye wakurugenzi watatu, Whitacre akiwa mmoja wao, walipewa vifungo. Mwaka 2000 Tume ya Ulaya nayo iliyatoza makampuni hayo matano karibu yuro milioni 110.

Sheria nayo imeongeza njia ya pili ya usaliti. Marekani tangu 1993, na baadaye nchi nyingi, zinatoa msamaha kamili kwa kampuni ya kwanza kuungama na kuleta ushahidi; ya pili, hata ikichelewa kwa siku chache, haipati msamaha huo. Zamani msaliti alishusha bei na kuhatarisha faida ya kesho. Siku hizi anaweza kuiacha bei kama ilivyo, akavuna faida kwa miaka, kisha akawahi kwa mwendesha mashtaka akiona dalili kwamba mwenzake anasitasita. Hofu hiyo ya kutanguliwa huyabomoa makateli ambayo hesabu ya bei peke yake isingeyabomoa, na yapo yaliyodumu kwa muda mrefu: la vitamini lilianza karibu 1990 na kufikia 1999.

Ukitaka kulitambua kateli kwenye takwimu, usitegemee bei kufanana. Wauzaji wa bidhaa isiyotofautiana hufanana bei hata wakishindana, na muuzaji anaweza kumfuata mwenzake kwa kuangalia tu, bila neno lolote kupita kati yao. Jambo hilo humuumiza mnunuzi vilevile, lakini katika sheria za nchi nyingi halitoshi kumtia mtu hatiani. Dalili zenye uzito zaidi ni bei kupanda wakati gharama za malighafi zimetulia na viwanda vina uwezo usiotumika, mafungu ya soko kuganda mwaka hadi mwaka ingawa wateja wanahama, na washindani kuuziana bidhaa ileile mwishoni mwa mwaka bila sababu ya kibiashara inayoeleweka. Katika laisini zote tatu zilikuwa na nafasi ya kuonekana.