Miaka ya kutunza faili inaanza kuhesabiwa lini?

"Tuna mikataba ya tangu 2015, karatasi na skani. Utaratibu wetu ni miaka 7, si tuichane tu?"

Msichane bado, tafadhali. Ni kweli kila aina ya faili iwe na muda wake, ila hesabu haianzi siku ya sahihi. Inaanza mkataba unapokwisha. Pango lililosainiwa Machi 2015 likaisha Juni 2021 linafikisha miaka 7 Juni 2028. Mimi husogeza hadi mwisho wa mwaka, ili kazi ya kuteketeza iwe mara moja tu. Kwenye jalada andika: "Limefungwa 30/6/2021, liteketezwe baada ya 31/12/2028." Jina la skani nalo lianze na tarehe hiyohiyo ya kufungwa, `2021-06-30_mkataba-pango.pdf`, kompyuta itazipanga yenyewe.

Tulipokwama sisi ni hapa: karatasi zilichanwa, kumbe skani zimebaki kwenye barua pepe za watu watatu. Orodhesheni nakala zote kwanza, hata zile za akiba. Na faili lenye mgogoro haliguswi, hata muda ukipita. Kama skani pekee inatosha mahakamani, mwulizeni mwanasheria wenu kabla ya kutupa karatasi yoyote yenye sahihi.