"Itauza hiyo!" sio oda: nilivyojifunza kwa mabegi ya chakula

"Wakuu, nina milioni 3 za kikoba, nataka fundi anifyatulie meza 100 za kukunja za watoto kusomea. Kila ninayemuonyesha picha anasema itauza. Nitajuaje ukweli kabla sijazama?"

Mkuu shikilia hizo hela kwanza nikupe yangu, ni ndefu kidogo ila itakusaidia.

Mimi nilitaka kuuza mabegi ya kubebea chakula yanayotunza joto, walengwa wakiwa wafanyakazi wa maofisini Posta na Kariakoo wanaobeba msosi toka nyumbani. Hesabu yangu ilikuwa nishone 150 kwa mpigo, hela ningetoa kwenye akiba ya ujenzi. Mke wangu ndo alinibana, akasema shona moja kwanza utembee nalo. Nikashona matatu kwa fundi cherehani wa mtaani: nje turubai, katikati sponji ya nusu inchi, ndani ile foili ya kung'aa wanayoweka chini ya bati kuzuia joto. Kila moja lilinitoka kama elfu 14 na ufundi ndani yake, yaani sampo zote ni elfu 42. Hayakuwa mazuri, moja mkanda wake ulikuwa umekaa upande, lakini nikifungasha wali saa 12 asubuhi saa 7 mchana bado ni wa moto, na hicho ndo kitu nilikuwa nauza, sio urembo.

Nikapiga picha nikaweka stetasi wasap, nikatembea nalo kazini, nikawapa watu walishike. Aisee sifa nilizopata! Nikawa naandika kwenye daftari kila anayesema "niwekee langu", walifika 31. Hapo ningekuwa na haraka ningemuita fundi usiku huohuo.

Badala yake nikawatumia wote 31 meseji moja, naiweka hapa kama ilivyokuwa: "Begi ni 25,000. Natengeneza kwa oda tu. Lipa kianzio 12,000 kabla ya tarehe 15, begi unapata tarehe 5 mwezi ujao, unamalizia ukishalipokea. Oda zisipofika 20 sitengenezi na hela yako narudisha yote."

Ona hapo kuna vitu vitatu nilivyofikiria sana. Kianzio cha elfu 12 sikukibuni, nilimuuliza fundi nikimletea 20 kwa pamoja na material nikanunua jumla begi litanigharimu ngapi, akasema elfu 11 na mia 5. Kwahiyo hata mtu akilipa kianzio akatokomea, begi lake limeshajilipa na naweza kuliuza kwa mwingine, wakati ningechukua kishika uchumba cha elfu 2 kila mtu angelipa kwa kunionea aibu na nisingejua kitu. Ya pili ni ile namba 20, niliiandika KABLA ya kuona matokeo, maana ukishaona matokeo moyo unaanza kushusha kiwango wenyewe. Ya tatu ni tarehe, bila tarehe mtu hakatai wala halipi, anakwambia "mwisho wa mwezi" mpaka unachoka.

Tarehe 15 ikafika. Waliolipa ni wanne. Katika hao wanne mmoja ni shemeji yangu, wawili tunasali pamoja, kwahiyo mteja wa kweli, mtu asiyenijua, alikuwa MMOJA. Tangu siku hiyo kwenye daftari langu kuna safu mbili, wanaonijua na wasionijua, na maamuzi nafanya kwa hiyo ya pili.

Iliniuma, sitaki kudanganya. Nikarudisha hela zote na makato ya kutuma nikabeba mimi. Hapa nisisitize, hela ya oda usiiguse, mimi niliiweka kwenye laini yake peke yake, kwasababu ukinunulia hata unga ndo umeanza safari ya kuwakimbia watu mtaani. Na aliyesubiri akarudishiwa hela bila kuomba anakuamini siku nyingine.

Sasa utamu uko hapa. Yule mmoja nisiyemjua nilimpigia nikamuuliza begi ni la kubebea nini. Kumbe sio mfanyakazi wa ofisi, ni mama ntilie wa Ilala, anapokea oda za chakula cha mchana anampa boda apeleke, na shida yake chakula kinafika kimepoa wateja wanalalamika. Akaniambia, "Baba, hili ni dogo, mimi natuma sahani sita kwa mpigo." Na wale wa ofisini nilipowahoji baadae wakaniambia kazini kuna maikrowevu. Yaani nilikuwa nauza dawa kwa mtu asiyeumwa.

Nikachukua sampo moja nikaifumua, fundi akashona kubwa la kuingia sahani sita za teki awei, chini limenyooka, na mikanda ya kufungia kwenye siti ya pikipiki. Safari hii sikuweka stetasi, nilimuazima yule mama siku tatu bure kisha nikawa nazungukia mmoja mmoja. Siku ya pili tu mkaanga chipsi jirani yake aliyeliazima akalirudisha amenuna, chipsi zimefika laini kama viazi vya kuchemsha. Mvuke umekosa pa kutokea umerudi kwenye chipsi. Fundi akatoboa matundu mawili juu ubavuni akayavalisha duara za chuma kama za viatu, joto likapungua kidogo ila chipsi zikafika zinaliwa. Fikiria hilo ningeligundua nikiwa na mabegi 150 ndani.

Bei nikasema 35,000, kianzio 18,000, kiwango changu oda 10 ndani ya wiki mbili. Nilitembelea vibanda 18 nikiwa na begi mkononi, wakalipa 11, wote wageni kwangu. Wengine wanne walisema bei kubwa, hao nimewaandika pia ila sikushusha palepale, maana wafanyabiashara wa mtaa mmoja wanaambiana, ukimuuzia huyu 30 na yule 35 kesho wote wanataka 30. Ukitaka kujaribu bei mbili zijaribu mitaa miwili iliyo mbali.

Nikashona 14, sio 150. Nilichelewa siku nne kwasababu zipu za rangi moja ziliisha dukani, nikawapigia mapema wakaelewa, na matatu ya ziada yaliisha ndani ya mwezi.

Kuna kitu oda za awali hazikuambii, kwamba mteja atarudi au la. Begi mtu ananunua moja anakaa nalo, baada ya vibanda vya karibu kuisha mauzo yalipoa nikalazimika kuhamia maeneo mengine. Na kwa kitu cha elfu 2 au 3 njia hii haifai, nani atalipa kianzio cha pipi, hapo tengeneza kidogo ukauze tu.

Kwako mkuu: meza mbili zinatosha kuanzia. Hao wanaosifia picha watumie meseji yenye bei, kianzio na tarehe uone wangapi wanabaki. Meza moja peleka kwa jirani mwenye watoto usiyemzoea sana, iache wiki nzima, halafu nenda kaangalie bawaba na miguu. Maana watoto hawatasomea tu hapo juu, watapanda.