Mpaka wa shamba kwenye picha ya setilaiti

"Nimepakua picha ya Sentinel-2 ya shamba langu la kahawa Sironko, mita 30 kwa 40. Mbona nikikuza sioni mpaka wangu na wa jirani?"

Ndugu, kila pikseli, yaani kigae kimoja cha picha hiyo, hata kwenye bendi zake kali zaidi, ni mita 10 kwa 10 ardhini. Shamba lako lote ni kama pikseli 12. Gridi isipolingana na mipaka yako, na mara nyingi hailingani, zilizo zako tupu ni kama 6 tu. Nyingine zimechanganya kahawa yako na ya jirani. Njia ya mpakani yenye upana wa mita 1 ni sehemu ya kumi tu ya pikseli, kwa hiyo rangi yake inamezwa. Kukuza kunanenepesha vigae, hakuongezi kitu. Kwa mpaka, tafuta picha ya droni yenye pikseli za sentimita 5.