Bibi hana tarehe, programu inadai mwaka

*Naandika ukoo wetu kwenye FamilySearch, programu ya mtandaoni ya kuchora ukoo. Bibi hajui alizaliwa lini. Nibuni mwaka?*

Usibuni. Muulize alikuwa nani mambo fulani yalipotokea. Bibi mmoja wa Handeni aliniambia: "Uhuru ulinikuta nimeshavunja ungo, lakini sijaolewa." Uhuru wa Tanganyika ni Desemba 1961. Tukimkadiria miaka 13 hadi 17, alizaliwa kati ya 1944 na 1948, na programu inakubali `between 1944 and 1948`. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anatambaa walipohamishiwa vijijini katika Operesheni Vijiji. Hapo nilisita, kwa sababu kila sehemu ilihamishwa kwa wakati wake. Jirani yake alikuwa na kadi ya kliniki ya mtoto aliyezaliwa wiki chache baada ya kuhama, 1974. Basi mtoto wa bibi nikamwandika `about 1973`. Maneno yake yenyewe niliyaweka kwenye maelezo, neno kwa neno, ili mjukuu mwingine akipata ushahidi bora ajue nilifikaje pale.

*Baba mkubwa ndiye aliyenilea, nami namwita baba. Nimweke wapi?*

Programu huchora uzazi, haijui baba mkubwa wala baba mdogo. Mwingize babu kwanza, kisha wanawe wote wawili chini yake, undugu utajipanga wenyewe. Kuhusu malezi, FamilySearch inakubali mtu awe na wazazi zaidi ya jozi moja: kwa baba mzazi chagua `Biological`, kwa baba mkubwa `Guardianship`. Wengi humwandika mlezi kama mzazi, halafu binamu anakuja kumwingiza baba mzazi, na mtu mmoja anatokea mara mbili. Na "Baba Asha" si jina. Liulize jina lake siku hiyohiyo, maana wanaolijua ni wachache.

*Nimrekodi bibi vipi akinieleza picha za zamani?*

Picha moja, rekodi moja. Weka simu kwenye hali ya ndege isiite katikati, iweke juu ya kanga iliyokunjwa, kama shubiri mbili kutoka mdomoni mwake, na redio izimwe. Anza wewe: "Picha ya nne." Kisha mpe aishike mwenyewe, usimtajie jina lolote, kwani ukisema "huyu si shangazi?" atakukubalia tu kwa adabu. Aigeuze pia nyuma; mara nyingi kuna muhuri wa studio.

Ukiwatumia ndugu picha hizo kwa WhatsApp, zitume kama faili, si kama picha, vinginevyo hubanwa na nyuso za nyuma zinafifia.

*Nikihamia programu nyingine, kila kitu kitahama?*

Hapana. Faili la `.ged`, ambalo programu za ukoo hupokezana, hubeba majina, tarehe na undugu kwa maandishi. Sauti na picha zenyewe hazimo. Zihifadhi kando kwenye diski, zikiwa na namba zilezile ulizotaja kwenye rekodi.

*Bibi anaogopa watu kumsoma mtandaoni.*

FamilySearch humficha aliye hai. Ila ukishamwandika kuwa amefariki, ukurasa wake ni wa wote, na mwenye akaunti yeyote anaweza kuuhariri. Mwambie hilo sasa, akiwa bado anaweza kukuambia kipi kisiandikwe.