Siku tatu za kuifanyia mazoezi hotuba ya dakika saba

Dada yangu mkubwa aliteuliwa kuzungumza kwa niaba ya wazazi kwenye mahafali ya kidato cha nne. Shule nyingi Tanzania hufanya mahafali hayo Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, na ratiba huwa imebana: risala ya wahitimu, taarifa ya mkuu wa shule, burudani, kisha mgeni rasmi. Wazazi walipewa dakika saba. Hotuba alikuwa ameshaiandika, na zilibaki siku tatu. Mpango tulioufuata ndio ninaompa kila anayeniomba msaada wa namna hii, kwa hiyo nauweka hapa pamoja na sababu zake.

Siku ya kwanza ni ya maandishi, bado si ya sauti wala mikono. Unasoma hotuba yote kwa sauti mara moja, umekaa, bila kusimama njiani, huku kipima muda cha simu kikihesabu na simu umeilaza kifudifudi ili usiitazame. Dada alitumia dakika kumi, na hotuba yake ilikuwa na maneno kama 1,000. Hapo tukapata kasi yake halisi: maneno 100 kwa dakika. Usichukue kasi ya mtu mwingine, wala ya vitabu vya Kiingereza. Neno letu moja kama “waliotuwezesha” lina silabi saba, kwa hiyo kwa dakika ileile maneno yetu huwa machache zaidi.

Kisha tukapiga hesabu kutoka nyuma. Katika zile dakika saba, salamu peke yake zinakula karibu dakika nzima: mgeni rasmi, mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu, wazazi wenzangu, halafu “Asalaam aleykum” na “Bwana Yesu asifiwe”, na kila moja inasubiri kuitikiwa. Vigelegele na makofi tukavipa nusu dakika. Zikabaki dakika tano na nusu, yaani maneno 550. Ilibidi 450 yaondoke.

Hapa ndipo watu wengi hukataa, wakaamua watasoma haraka. Haiwezekani. Anayesoma haraka kwenye spika za uwanjani hasikiki, maana sauti inagonga kuta za madarasa na kurudi kabla hajamaliza neno linalofuata. Tukafuta historia ya shule, kwa sababu mkuu wa shule angeisema. Tukafuta shukrani zilizojirudia. Yakabaki mambo matatu: shukrani kwa walimu, mchango wa wazazi kwenye ujenzi wa maktaba, na ombi la uzio wa hosteli ya wasichana.

Baada ya kupunguza, mnasoma tena taratibu, penseli mkononi. Ulimi ukikwama mahali mara moja, weka alama. Ukikwama hapohapo mara ya pili, badilisha sentensi. Dada alikuwa na “changamoto zinazowakabili watoto wanaoishi hosteli”, na kila akifika hapo aliteleza. Ikawa “watoto wetu wa hosteli wana shida moja kubwa.” Tarakimu nazo ziandikwe kwa maneno. Karatasi yake ilikuwa na 3,650,000, na mbele ya watu jicho huanza kuhesabu sifuri. Tukaandika “milioni tatu, laki sita na elfu hamsini”. Jioni ikachapwa upya kwa herufi za ukubwa wa 16, upande mmoja wa karatasi, kila ukurasa ukiishia kwenye nukta, namba juu, bila pini. Kuanzia hapo maandishi yamefungwa. Anayeendelea kuhariri siku ya pili huja kukutana na matoleo mawili kichwani akiwa jukwaani.

Siku ya pili ni ya sauti, na inaanzia mwishoni. Ukianza mwanzo kila mara, utangulizi utausoma mara nyingi na hitimisho mara chache, na ndilo utakalolifikia ukiwa umechoka. Kwa hiyo dada alianza na ukurasa wa tatu mpaka ukakaa, akaunganisha wa pili na wa tatu, kisha zote. Sentensi mbili za kwanza na mbili za mwisho alizikariri neno kwa neno. Katikati alisoma kwa kuchota: macho chini, unachota fungu la maneno hadi kwenye mkato, unainua uso, ndipo unasema. Mdomo usifunguke macho yakiwa kwenye karatasi. Mwanzoni vinyamazo vinaonekana virefu mno kwa msemaji, lakini msikilizaji anaviona vya kawaida.

Jioni jirekodi kwa simu, uiweke mbali kidogo, si mkononi. Ukisikiliza, usihangaike kama sauti yako inapendeza. Tafuta vitu viwili. Cha kwanza ni mwanzo wa vitenzi vya kukanusha. Kukanusha kwetu mara nyingi kunabebwa na silabi ya kwanza, na silabi hiyo ndiyo inayomezwa mtu anapovuta pumzi. Dada alisema “Hatutawasahau walimu hawa,” na kwenye rekodi ikasikika “Tutawasahau walimu hawa.” Tukaweka kinyamazo kifupi kabla ya neno hilo na mstari chini ya “Ha”. Cha pili ni mwisho wa sentensi: wengi hushusha sauti pale linapotajwa jambo lenyewe. Kama husikii “uzio” kwenye rekodi, mgeni rasmi naye hatausikia.

Kisha lala. Kugawa mazoezi kwa siku kadhaa hushika akilini kuliko kuyarundika usiku mmoja.

Siku ya tatu ni ya kupita yote, saa ileile utakayozungumza kama unaweza, ukiwa umesimama na umevaa viatu vya siku hiyo. Shika kitu kizito kiasi badala ya maiki, maana maiki inachukua mkono mmoja, na kufunua karatasi kwa mkono uliobaki ni kazi inayohitaji kuzoewa. Dada alishika chupa ya maji, na karatasi zikamponyoka mara ya kwanza. Tukakubaliana aziweke juu ya meza na kuusogeza pembeni kila ukurasa anaoumaliza.

Awepo mtu wa kushika saa. Kanuni ni moja: hakuna kurudi nyuma. Ukikosea, unaendelea kama utakavyoendelea jukwaani. Salamu zisemwe zote, na mshika saa aitikie. Kila ukurasa unapokwisha anaandika dakika pembezoni. Dada alimaliza ukurasa wa kwanza dakika ya 2:30, wa pili 4:40, na yote 6:35. Hizo sekunde 25 zilizobaki hazijazwi, ni za makofi yatakayozidi.

Lipo zoezi moja zaidi ambalo siliruki kamwe. Sherehe zetu huchelewa, na mshereheshaji anaweza kukunong'oneza kwamba una dakika tatu tu. Kwa hiyo tuliweka mabano ya penseli kwenye aya zinazoweza kurukwa, dada akaisoma hotuba fupi mara moja: salamu kwa mgeni rasmi pekee na “itifaki imezingatiwa”, sentensi moja ya shukrani, kiasi cha mchango, na ombi la uzio. Ikatoka dakika mbili na sekunde 50. Nakala moja ikaingia kwenye mkoba wake, nyingine akapewa shemeji.