Bei ya petroli Mbeya

“Wakuu, petroli Mbeya mjini sasa hivi lita shilingi ngapi? Natoka Dar Jumatano hii tarehe 4 na gari dogo.”

Mkuu, mimi mara ya mwisho kujaza mafuta Mbeya ni miezi miwili iliyopita. Risiti ninayo, ila nikikutajia bei yake nitakupoteza. EWURA hutoa bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, yaani siku hiyohiyo unayosafiri. Hata atakayekujibu leo kwa uhakika, jibu lake litachacha keshokutwa.

Jumatano asubuhi fungua tangazo lao, kwanza uangalie tarehe ya kuanza kutumika, maana matangazo ya zamani husambaa sana Watsapu. Kisha shuka kwenye jedwali hadi mstari wa Mbeya. Usichukue ya Dar, kwa sababu kwenye bei ya Mbeya usafirishaji umeongezwa. Kituo kinaweza kuuza chini ya kikomo, juu yake hakiruhusiwi.

Kwa bajeti: ni kama kilomita 830. Gari likila lita moja kwa kilomita 12, ni lita 70 hivi. Bei ikipanda shilingi 150, utaongeza 10,500 tu.